Jumanne Isiyokuwepo

Kazini waliniita Hadubini, na sikuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye dirisha namba tatu la ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na dirisha namba tatu halipokei salamu nyingi. Madirisha mengine yanaandikisha watoto na kutoa pole kwa wafiwa. Langu linahakiki. Ukileta cheti cha kuzaliwa ili upate pasipoti, kitapita mikononi mwangu, nami nitakiinua juu ya taa, nitakwaruza muhuri kwa ukucha, kisha nitakuuliza jina la bibi yako mzaa mama wakati hukutarajia.

Watu wanadanganya. Sisemi kwa uchungu, nasema kama muuza samaki anavyosema samaki wanaoza. Kuna wanaopunguza umri na wanaoongeza, kuna waliozika ndugu wakabaki na karatasi zake. Kosa lao kubwa ni kudhani tarehe ni tarakimu tu. Bwana mmoja aliwahi kuniletea cheti kimeandikwa tarehe ishirini na tisa Februari 1990. Nikamuuliza, elfu moja mia tisa na tisini ukigawanya kwa nne inabaki ngapi? Akanijibu kwamba hakuja kufanya mtihani. Inabaki mbili. Aliondoka na askari.

Hesabu hiyo nilifundishwa na mkuu wetu wa zamani, marehemu, tuliyemwita Mzee Wino kwa sababu mfuko wa shati lake ulikuwa na doa la buluu siku zote. Wiki yangu ya kwanza kazini alitukusanya makarani wote masjala, yaani chumba cha nyuma vinamowekwa vitabu vya kumbukumbu. "Mwaka unaogawanyika kwa nne una tarehe ishirini na tisa Februari," alisema. "Hilo hata muuza karanga analijua. Nyinyi mtajua zaidi ya muuza karanga. Mwaka wa karne, ule unaoishia na sifuri mbili, hauna siku hiyo hata ukigawanyika." Akafungua kitabu kikuukuu cha mwaka 1900, kurasa zimegeuka rangi ya chai, akatuonyesha kwa kidole. Tarehe ishirini na nane Februari, na mstari unaofuata, tarehe mosi Machi.

Nilitoka pale nikijiona nimepewa ufunguo ambao watu wa barabarani hawana. Nimeutumia ufunguo huo kwa raha isiyo na kiasi, na nitasema ulinifikisha wapi.

Walikuja Jumatatu asubuhi, mama na binti. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga ng'ambo, na ofisi ya pasipoti ilimtaka alete cheti chake kikiwa kimehakikiwa, mwisho Ijumaa saa sita. Alikuwa na miaka ishirini na minne, sauti yake ya haraka, karatasi zake kazipanga ndani ya bahasha ya plastiki kama mtu aliyeonywa kuhusu mimi. Cheti kilisema alizaliwa tarehe mosi Machi 2000, hospitali kuu.

"Shikamoo, madam," alisema.

"Marahaba. Umezaliwa siku gani ya wiki?"

Alicheka. "Hilo muulize mama."

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake hatua moja, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri sana. Alikuwa akinitazama. Watu wengi dirishani kwangu hutazama mikono yangu, wanaiombea igonge muhuri. Huyu alikuwa akitazama uso wangu, na hilo sikulipenda.

"Jumanne," alisema.

Nilitabasamu, nikaandika. Walipoondoka nikaangalia ukurasa wa Machi kwenye kalenda ya zamani ya mwaka huo. Tarehe mosi Machi 2000 ilikuwa Jumatano.

Mtasema mama anaweza kusahau. Anaweza. Lakini mimi nimewahoji akina mama zaidi ya elfu, na ninawajua. Mama husahau mwaka, husahau alivaa nini harusini, ila siku aliyojifungua anaikumbuka mpaka harufu ya sabuni ya wodini. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa amefika mwisho wake kabla ya saa nne asubuhi.

Utaratibu wetu, mtu akiomba uhakiki kwa ajili ya pasipoti, ni kuiandikia hospitali itoe nakala ya daftari la wodi ya wazazi. Mimi huomba siku ya kwenye cheti na siku iliyotangulia, kwa kuwa zamu ya usiku huchanganya. Nikaandika kwa mkono wangu: tafadhali tuma ukurasa wa tarehe 28 Februari 2000 na ukurasa wa tarehe 1 Machi 2000. Karani wa kumbukumbu wa hospitali ni mtu wa neno kwa neno. Jumatano asubuhi zikaja kurasa mbili, kama nilivyoagiza, zimepigwa muhuri.

Nikazisoma mara tatu. Jina la yule mama halikuwepo kwenye ukurasa wa kwanza, halikuwepo kwenye ukurasa wa pili. Tarehe mosi Machi walizaliwa wavulana wanne na msichana mmoja tu. Mbele ya msichana huyo, ambaye mama yake ni mwanamke mwingine kabisa, mkunga alikuwa ameandika: *amefariki, saa mbili baada ya kuzaliwa.*

Sitaficha kwamba nilisikia raha, raha ya mvuvi anayehisi kamba imevutika. Mtoto wa kike wa tarehe hiyo amekufa, na hapa dirishani kuna msichana mzima mwenye cheti cha tarehe hiyo, na mwanamke ambaye hakujifungua hospitalini siku ile wala siku ya kabla. Basi alimtoa wapi?

Walipokuja saa sita kufuata majibu sikuwaita kando. Kuna chumba kidogo cha mazungumzo ya faragha, kina viti viwili na kalenda, na ufunguo wake ulikuwa mezani kwangu. Sikuutumia. Nilitaka kumwona mama yule akijibu mbele ya mtoto, maana mwongo hujikwaa haraka akiwa na shahidi.

"Mama," nilisema, "hospitali inasema hukujifungua kwao tarehe hiyo."

"Nilijifungua kwao."

"Jina lako halimo. Msichana aliyezaliwa siku hiyo ni mmoja, na alifariki. Huyu uliyekuja naye ni nani?"

Foleni nyuma yao ikasogea kusikiliza. Binti alimgeukia mama yake, na nikauona uso wake ukibadilika. Kwanza alikuwa akingoja mama acheke. Kisha akawa hangoji tena.

"Cheti ndicho kimekosewa," mama alisema taratibu. "Sikumzaa tarehe mosi. Nilimzaa tarehe ishirini na tisa Februari, Jumanne, saa tano asubuhi."

Nikamhurumia, kama mtu anavyomhurumia mwizi anayeruka ukuta na kutua kituo cha polisi. "Mwaka elfu mbili, mama, ni mwaka wa karne. Hauna tarehe ishirini na tisa." Ili foleni nayo ishuhudie, nikageuza kioo cha kompyuta ya masjala kuelekea dirishani, nikaandika tarehe hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Yakatokea maandishi mekundu: TAREHE HAIPO.

Binti alitoa simu yake. Nikamwonyesha tangazo lililobandikwa kwenye kioo, kwamba simu haziruhusiwi dirishani. Akairudisha mkobani bila ubishi.

"Tuondoke," alimwambia mama yake. Jumatatu alikuwa akimwita mama kila baada ya maneno matatu: mama shika hii, mama kaa pale, mama umekunywa dawa? Siku hiyo alisema "tuondoke" tu, akatangulia kutoka, wala hakumshikia mlango.

Mama alibaki kidogo. "Unakumbuka vitu vingi, mwanangu," aliniambia, ingawa hatuzidiani sana kwa umri. "Lakini si vyote." Nikalichukulia neno hilo kuwa kitisho, nikaliandika kwenye faili.

Alhamisi nilikaa kuandika barua ya polisi. Barua ya namna hiyo ina utaratibu wake: unaeleza tuhuma, kisha unaorodhesha vielelezo kimoja baada ya kingine, kila kimoja na maelezo yaliyo juu yake bila kupunguza neno. Kielelezo A nikanakili kutoka kwenye kichwa cha ukurasa wa hospitali: *Jumatatu, 28 Februari 2000.* Chini yake kielelezo B: *Jumatano, 1 Machi 2000.*

Nikaweka nukta. Nikanyanyua kalamu ili nianze kielelezo C, nayo ikabaki hewani.

Jumatatu. Jumatano.

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Jumatatu, halafu Jumanne, halafu Jumatano. Nikahesabu tena nikianzia mwisho. Wiki haijawahi kuruka siku. Unaweza kuunyima mwezi tarehe, lakini Jumanne huwezi kuiweka mfukoni. Kama Februari iliisha Jumatatu ya tarehe ishirini na nane, basi tarehe mosi Machi ingekuwa Jumanne. Wakunga wa hospitali waliandika Jumatano. Kati ya kurasa zangu mbili palikuwa na siku nzima yenye asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyeagiza isiletwe.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hospitali wamekosea. La pili, kwamba hospitali wanashirikiana na yule mama. Ndivyo nilivyo. Nilizunguka na shuku hizo ofisini kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani kwake, kisha nikaenda kumwita fundi wa kompyuta.

Fundi wetu ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpenda mzaha, anayeniita Bi Mkubwa. Nikamwambia afungue programu ya masjala, ile tuliyoletewa mwaka wa tisini na tisa, anionyeshe inavyoamua kama tarehe ipo. Aliguna. Hakuna aliyewahi kuifungua ile, alisema, maana haijawahi kuharibika. Akapekua kwa dakika kumi, kisha akacheka peke yake.

"Aliyeiandika alisoma, lakini hakumaliza darasa," alisema. "Tazama. Mwaka ukigawanyika kwa nne, ni mrefu. Ukigawanyika kwa mia, si mrefu. Akaishia hapo."

"Ndivyo ilivyo," nikasema.

"Sivyo, Bi Mkubwa. Kuna sharti la tatu. Ukigawanyika kwa mia nne, unarudi kuwa mrefu." Akaniangalia, akaona sicheki. Akavuta karatasi. "Mwaka ni siku mia tatu sitini na tano na robo, sawa? Zile robo nne ndizo tunazolipa kwa siku moja kila miaka minne. Lakini si robo kamili. Ni robo kasoro dakika kama kumi na moja. Kwa hiyo tunalipa kupita kiasi, na katika miaka mia nne tumezidisha siku tatu hivi. Basi tunaziondoa: elfu moja mia saba, mia nane, mia tisa, hizo tatu hazina. Ya nne tunaiacha. Elfu mbili ilikuwa nayo. Elfu mbili mia moja haitakuwa nayo."

"Na programu ilikuwa ikikosea miaka yote hii?"

"Haikukosea miaka yote. Tisini na sita ilikuwa sawa, elfu mbili na nne sawa, na nane, na kumi na mbili. Na itakuwa sawa hata hiyo elfu mbili mia moja. Imekosea siku moja tu." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hiyo. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Simu yako ingekwambia tangu zamani."

Simu yangu ilikuwa mkobani. Sikuwahi kuiuliza. Mzee Wino alikuwa amenionyesha kitabu cha mwaka 1900, na kitabu kile kilisema kweli tupu. Nusu ya kanuni, ikiwa na ushahidi wake safi.

Niliipigia hospitali nikamwomba karani wa kumbukumbu ukurasa wa tarehe ishirini na tisa. "Nilishangaa hukuutaka," alisema. "Nikajua una sababu zako." Ulifika saa tisa. *Jumanne, 29 Februari 2000.* Mstari wa tatu: jina la yule mama, saa tano na dakika tano asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, wote wazima.

Bado nilikuwa na swali moja, na lilinipeleka masjala. Siku zile mtoto aliandikwa kwanza kwa mkono kwenye kitabu kikubwa, ndipo akaingizwa kwenye kompyuta. Nilikishusha kitabu cha Machi 2000, nikapuliza vumbi. Nilijua ninatafuta nini. Nilitaka kuona ni karani gani mzembe aliyebadilisha tarehe ya mtoto wa watu, maana nilikuwa tayari nimemkasirikia.

Kulikuwa na watoto saba wa Jumanne ile. Kwenye kila mstari, tarehe 29/2 ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, mstari mmoja ulionyooka kwa rula, na juu yake imeandikwa 1/3. Kando ya kila sahihisho palikuwa na herufi mbili za kwanza za jina la karani. Niliziangalia kwa muda mrefu. Ile herufi ya pili ina mkia unaopinda kushoto, ambao mwalimu wangu wa darasa la pili alishindwa kuunyoosha kwa fimbo. Zilikuwa herufi zangu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa sakafuni, kati ya makabati, kwa sketi yangu ya kazini.

Kitu kinachonikera mpaka leo ni kwamba sikukumbuka. Najaribu kuiona siku ile: mashine mpya inakataa, Mzee Wino anasema kwa kiburi kwamba mashine inajua kanuni, waliochapa kalenda ni wajinga, andikeni tarehe mosi. Mimi nina wiki chache tu tangu nipewe kalamu nyekundu. Mama saba wanaletwa kwangu kutoka dirisha la usajili na vichanga vyao, mmoja mmoja, na kila mmoja namwambia kitu kilekile. Saba. Na sikubakiza hata mmoja kichwani.

Barua ya polisi niliichana.

Ijumaa walikuja saa tatu. Safari hii niliwafungulia chumba cha faragha, wakakaa kwenye viti viwili, nikabaki nimesimama. Waliacha nafasi kati ya viti vyao. Binti alikuwa na macho mekundu, na aliongea kabla yangu.

"Nimeangalia kwenye simu. Siku ipo," alisema. "Lakini simu haisemi kama nilizaliwa siku hiyo. Haisemi nimezaliwa na nani. Nimemuuliza usiku na mchana. Kila anachonijibu, nasikia sauti yako inasema jina halimo."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona. Nikaweka mezani ukurasa wa Jumanne, nikauwekea kidole kwenye mstari wa tatu. Akausoma. Kisha nikafungua kitabu kikubwa, nikawaonyesha wino mwekundu, nikawaonyesha herufi mbili, na nikataja jina langu zima.

"Ni mimi," nilisema. "Nilimkatia siku yake. Na juzi nikakushtaki kwa kosa langu, mbele ya watu. Nisamehe, mama."

Mama hakushtuka. "Nilikujua tangu Jumatatu," alisema. "Umenenepa kama mimi, ila sauti ni ileile. Siku ile ulinisemesha hivihivi. *Mama, hiyo siku haipo.* Nikakwambia, mwanangu, nimetoka nayo, bado mgongo unaniuma. Ukasema labda kwa uchovu nimechanganya."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniamini?"

Wote watatu tulilijua jibu.

Fomu ya marekebisho ina sehemu inayouliza chanzo cha kosa, na visanduku vitatu vya kuweka alama: mzazi, hospitali, mwombaji. Nimeijaza fomu hiyo miaka ishirini na sita bila kuona kwamba sisi hatumo. Nikachora kisanduku cha nne kwa rula, nikaandika pembeni yake *ofisi*, nikaweka alama. Kompyuta ilikataa kuchapa cheti. Kila nilipoingiza tarehe ilirudisha maandishi yake mekundu. Basi nikakiandika kwa mkono, polepole, kwa wino mweusi: tarehe ishirini na tisa, Februari, elfu mbili. Nikagonga muhuri. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na nusu, na ofisi ya pasipoti ni mwendo wa robo saa.

Nilimkabidhi binti. Hakukitia kwenye bahasha. Alikiinua kuelekea dirishani akakitazama dhidi ya mwanga. Alikwaruza muhuri kwa ukucha. Alisoma jina lake herufi kwa herufi, akasoma la mama yake, akarudia. Wiki moja nyuma asingejua kufanya hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Mama alikuwa akimsubiri, mkoba magotini. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuwa akitazama uso wangu. Alikuwa akiutazama wa mwanawe, kwa hofu, kama watu wanavyotazama mikono yangu dirishani.

Binti alikikunja cheti. Alisimama, akauchukua ule mkoba, akauweka begani kwake.

"Mama," alisema, "umekunywa dawa?"

Mama yake alitikisa kichwa kwamba bado. Nikatoka kwenda kuwatafutia maji. Nilipopita dirisha namba tatu foleni ilikuwa imefika mlangoni, na watu walinisogezea karatasi zao nikazisukuma kando, kwa kuwa nilikuwa na watoto wengine sita wa kuwatafuta.